Nimetumiwa rosta ya wodi na neno moja tu: "REKEBISHA". Mnaojua zamu, naanzia wapi?

#1 Mtunza Mafaili
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha takwimu kwenye hospitali moja ya wilaya, bara. Leo saa 10 metroni kanirushia wasapu faili linaitwa ROSTA_JUNI_mpya(2).xlsx. Chini yake kaandika REKEBISHA. Basi. Nikampigia, yuko safarini, hapatikani.

Ni wodi ya wazazi. Wauguzi 11, nimewapa herufi A hadi K ili nisianike majina ya watu. A ndiye inchaji. Kila mtu ana mstari wake, kila siku ina safu yake, tarehe 1 hadi 30. Ndani wameandika M (saa 1:30 asubuhi hadi 8:30 mchana), E (saa 8 mchana hadi 2 usiku), N (saa 2 usiku hadi 2 asubuhi), SO ya kulala baada ya naiti, DO ya mapumziko na AL ya likizo. Baadhi ya seli zina rangi ya manjano na hakuna maelezo yoyote.

Nilichoona kwa haraka:
- tarehe 12 ina N moja tu, siku nyingine ziko mbili
- B ana E halafu kesho yake M, na inajirudia mara kadhaa ndani ya mwezi
- D hana zamu hata moja Jumamosi
- F na H hawajawahi kuwekwa naiti pamoja

Nataka kupanga upya yote leo usiku, kesho asubuhi nimkabidhi. Kuna fomula nzuri?

#2 Ngoma ya Vyuma
Futa yote, anza upya. Mimi nasimamia walinzi 40, rosta ya kurithi ni kama shati la marehemu. Watu 11, zamu tatu, unazungusha M M E E N N, mapumziko mawili, unaanza tena. Dakika ishirini umemaliza.

#3 Nahodha wa Wodi
Mtunza Mafaili, shikamoo ya mstaafu ni kukuzuia usifanye alichosema #2. Nimekuwa inchaji wa wazazi miaka mingi. Ukifuta, kesho asubuhi utapigiwa simu na watu 11, na wote watakuwa na haki.

Neno "rekebisha" halisemi kilichoharibika ni nini. Pengine metroni ameona kosa moja tu, tena dogo. Kwa hiyo kabla hujagusa seli, nakili faili, fanya kazi kwenye nakala. Halafu tenga mambo mawili: yasiyowezekana kabisa, na yanayokushangaza. Hayo mawili ya mwisho uliyoandika, D na F/H, yanakushangaza tu. Hayajawa makosa.

Na niambie: wodi inataka watu wangapi kila zamu? Hujasema, na bila hilo hakuna anayejua pengo liko wapi.

#4 Kalamu Nyekundu
B kufanya E halafu M ni kosa la sheria wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 8 za kupumzika kati ya zamu. Ondoa zote.

#5 Mtunza Mafaili
Nahodha, shikamoo, ahsante. Kuna karatasi ukutani kwa inchaji: M watatu, E wawili, N wawili.

Kalamu, saa 2 usiku mpaka saa 1:30 asubuhi ni saa 11 na nusu. Kama sheria inataka 8, basi B yuko salama?

#6 Popo wa Usiku
Hahaha Kalamu kajipiga mwenyewe.

#7 Shangazi Kifungu
Kalamu amekosea namba ila harufu ameinusa. Sheria hiyo ya 2004 inataka saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Saa 8 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, na yana masharti: zamu iwe na mapumziko ya angalau saa tatu katikati, au mtu awe anaishi hapo hapo kazini. Kwa hiyo saa 11 na nusu imepungua nusu saa, na mdomo mtupu hautoshi kuiruhusu. B anaishi wapi?

Halafu angalia N ikifuatiwa na E siku hiyo hiyo anayotoka. Anatoka saa 2 asubuhi, anarudi saa 8 mchana. Saa sita. Hiyo haina mjadala.

#8 Kisiwani Kwetu
Mimi niko hoteli huku Unguja. Sisi tunafanya asubuhi saa 12 hadi 4, unarudi jioni saa 11 hadi 4 usiku. Je hiyo nusu saa na mimi nidai?

#9 Shangazi Kifungu
Kisiwani, sheria ninayoisema ni ya bara. Zanzibar mna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Usiende kwa meneja wako na karatasi ya upande mwingine wa maji.

#10 Nahodha wa Wodi
Sasa tufanye hesabu kabla ya lawama. M watatu kwa saa 7 ni 21. E wawili kwa saa 6 ni 12. N wawili kwa saa 12 ni 24. Jumla saa 57 kwa siku, 399 kwa wiki. Kuna mtu likizo?

#11 Mtunza Mafaili
J anaanza AL tarehe 10, siku 28.

#12 Nahodha wa Wodi
Basi kuanzia tarehe 10 mko 10. 399 gawa kwa 10, karibu saa 40 kwa mtu kwa wiki. Sheria inaruhusu 45 za kawaida. Maana yake watu wanatosha. Ungepata 50 ningekwambia acha kupanga, omba mtu. Kwa kuwa wanatosha, kinachobana rosta hii ni nani hawezi kuwa wapi lini. Hilo halimo kwenye faili. Limo kwenye daftari la kubadilishana zamu na kwenye rosta za Machi, Aprili na Mei. Zitafute.

Usisahau inchaji huwa hafanyi naiti, yeye ni M za siku za kazi. Naiti 60 za mwezi zinabebwa na waliobaki.

#13 Mkaa Bandarini
Niko Mombasa, sikai wodini, napanga zamu za makarani bandarini. Hiyo tarehe 12 yenye N moja, ihesabu kwa macho, usiiamini fomula. Nishawahi kumwita mtu kutoka nyumbani usiku wa mvua kujaza nafasi iliyokuwa imejaa. Kumbe mwenzake alikuwa ameandikwa herufi ndogo.

#14 Mtunza Mafaili
Mkaa, umenisaidia, ingawa herufi ndogo si tatizo. COUNTIF haibagui n na N, nimejaribu. Kosa ni nafasi tupu: mtu kaandika "N " kwa simu, na nafasi imebaki nyuma ya herufi. Kwa macho huioni. Hii ya kwanza iliniambia 1, ya pili ikaniambia 2:

```
=COUNTIF(N3:N13,"N")
=SUMPRODUCT(--(TRIM(N3:N13)="N"))
```

Kwa hiyo tarehe 12 haina pengo. Bahati sijampigia mtu.

#15 Ngoma ya Vyuma
Ndiyo maana nilisema futa yote. Ungeandika upya, nafasi tupu zingekufa zenyewe.

#16 Popo wa Usiku
Wewe ungekufa kabla yake. Watu wa wodi ya wazazi hawana utani saa tisa ya usiku.

#17 Nahodha wa Wodi
Vizuri. Sasa tafuta yale yasiyowezekana, mstari kwa mstari. Na usianze tarehe 1. Bandika siku tatu za mwisho za Mei upande wa kushoto. Rosta nyingi huvunjika kwenye mshono wa miezi, kwa sababu kila faili linaanza kana kwamba jana yake watu wote walikuwa wamelala.

#18 Mtunza Mafaili
Nimerudi, saa 5 usiku. Kwa E ikifuatiwa na M nimetumia hii kwa kila mstari, kabla sijabandika Mei:

```
=SUMPRODUCT((TRIM(C3:AE3)="E")*(TRIM(D3:AF3)="M"))
```

Nikabadilisha herufi nikatafuta N ikifuatiwa na M, kisha N ikifuatiwa na E. Ndani ya Juni, sifuri zote mbili. Nikabandika Mei. G ana N tarehe 31 Mei na M tarehe 1 Juni. Anatoka naiti saa 2 asubuhi na zamu yake ya M imeshaanza saa 1:30. Mtu mmoja yuko zamu mbili kwa nusu saa nzima.

La pili: J yuko AL tangu tarehe 10, lakini tarehe 14 ana N. Nadhani likizo ilipitishwa rosta ikiwa imeshaandikwa, wakajaza AL wakairuka seli moja, maana ilikuwa na manjano.

Hayo mawili tu ndiyo yasiyowezekana. Siku 30, watu 11, seli 330.

#19 Shangazi Kifungu
Kazi nzuri. Na huyo B?

#20 Mtunza Mafaili
B nimemsoma miezi mitatu nyuma. Kila E-M inafuatwa na DO mbili mfululizo. Kila mara. Wengine DO zao ni moja moja, zimetawanyika. Nikafungua daftari la kubadilishana, mara nyingi yeye ndiye anayeomba.

#21 Nahodha wa Wodi
Umeshaipata. Hiyo E-M ndiyo bei ya ofu mbili. Anabana zamu mbili ili apate siku mbili za kwenda kwao. Ukimwondolea "kosa" unamwondolea safari. Mimi nilikuwa na watatu wa namna hiyo, na ndio walikuwa hawaumwi Jumatatu.

#22 Kalamu Nyekundu
Kwa hiyo tukubali sheria ivunjwe kwa sababu anapenda? Wote huanza kwa kupenda. Baadaye inchaji mpya anaiona kwenye rosta, anampa E-M bila ofu mbili, na B hana karatasi ya kujitetea.

#23 Shangazi Kifungu
Hapo niko na Kalamu. Kama ni mapatano, yaandikwe. Na kama haishi nyumba za watumishi mle ndani, hata maandishi yanaweza yasitoshe, kwa masharti niliyoyataja #7.

#24 Nahodha wa Wodi
Yaandikwe, sikatai. Ila mwandishi si kijana wa takwimu saa 5 usiku. Ayaache, amwulize metroni.

#25 Popo wa Usiku
Mimi ni muuguzi, nasema kama mtu wa kwenye mstari, si mpangaji. Mnazisifu hizi kanuni za kimya kimya kama urithi wa mababu. Nyingine ni upendeleo mtupu. Kwetu kulikuwa na mmoja hafanyi naiti mwaka mzima, tunaambiwa "ana sababu". Sababu yake alikuwa anampelekea inchaji samaki. Aliyeirithi rosta akaikuta, akaiheshimu, akadhani ni ugonjwa.

#26 Mkaa Bandarini
Samaki gani? Maana kama ni nguru hata mimi nitamwondolea naiti.

#27 Nahodha wa Wodi
Popo, una haki, nimeliona hilo pia. Ndiyo maana nasema ziorodheshe kwanza, usizifuate wala usizivunje. Kanuni ikishaandikwa kwenye karatasi, mwenye sababu ataisema na mwenye samaki atanyamaza.

#28 Mtunza Mafaili
Basi hizi ndizo nilizozikuta kwa kulinganisha miezi minne. D hafanyi Jumamosi hata moja. F na H hawakai naiti pamoja. Mwisho wa wiki M ni wawili au watatu, si lazima watatu, ingawa karatasi ya ukutani haisemi hivyo. Alhamisi M huwa wanne, nadhani ni kliniki. K alikuwa na naiti Machi na Aprili, kuanzia Mei katikati hana tena. Nadhani K ni m

#29 Shangazi Kifungu
Simama hapo hapo. Umeficha majina halafu unataka kutangaza hali ya mtu? Wodi za wazazi za wilaya si nyingi kiasi hicho. Sheria inakataza naiti kwa mjamzito miezi miwili kabla ya kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Kama ndiyo hiyo, mwajiri anajua. Kama siyo, hayatuhusu. Usimrudishie naiti, basi.

#30 Mtunza Mafaili
Samahani, nimeacha.

#31 Ngoma ya Vyuma
D ni Msabato. Kesi imefungwa.

#32 Popo wa Usiku
Au anasoma chuo mwisho wa wiki. Wengi wanajiendeleza kutoka cheti kwenda diploma, vipindi Jumamosi.

#33 Kalamu Nyekundu
Msabato anaianza Sabato Ijumaa jua likizama. Mwangalie Ijumaa: ana E au N? E inaisha saa 2 usiku, jua limeshazama.

#34 Mtunza Mafaili
Ijumaa ana E mara mbili mwezi wa nne. N hana kabisa. Lakini naiti ya Ijumaa ingemfikisha Jumamosi asubuhi, kwa hiyo hata mwanafunzi angeikwepa.

#35 Nahodha wa Wodi
Kalamu ameuliza swali zuri leo, mpeni chai. Lakini halimalizi. Nilikuwa na Msabato aliyekuwa anakubali E ya Ijumaa kwa kuwa kuhudumia mgonjwa kwake si dhambi, na mwingine aliyekuwa anaondoka saa 11 jioni hata mbingu ianguke. Rosta inakuonyesha siku tu. Mwulizeni D.

#36 Mkaa Bandarini
Na F na H? Mimi naona wamegombana.

#37 Popo wa Usiku
Au ni mke na mume. Mmoja lazima alale na watoto.

#38 Nahodha wa Wodi
Au wote wawili ni wapya. Naiti ya watu wawili katika wazazi, lazima mmoja awe anaweza kushughulika na mama anayetoka damu peke yake, mwenzake akikimbia kumwita daktari. Ukiwaweka wageni wawili pamoja, saa tisa usiku ndiyo utajua. Angalia: kila mmoja wao huwekwa na nani?

#39 Mtunza Mafaili
F huwa na B au muuguzi E. H huwa na B, C au G. Lakini tarehe 19 H yuko na C na K... hapana, na I. Watatu. N tatu siku hiyo.

#40 Kalamu Nyekundu
N tatu ni kosa, mtu mmoja amezidi. Mhamishie tarehe 14 badala ya J.

#41 Nahodha wa Wodi
Au I bado anaonyeshwa kazi na hahesabiwi. Ukimpeleka tarehe 14 kama mtu kamili, umetengeneza naiti ya mtu mmoja na nusu, na kwenye fomula yako itasoma 2 vizuri kabisa.

#42 Kisiwani Kwetu
Sisi hotelini mgeni wa kazi anavaa fulana nyeupe, humpangi peke yake. Nyinyi mnawajuaje?

#43 Popo wa Usiku
Kwa macho yake akisikia kengele.

#44 Mtunza Mafaili
Wakuu, naeleza nilichofanya nikalale.

Tarehe 1 ni Jumapili, M walikuwa watatu pamoja na G. Nikamtoa G nikamwekea SO, wakabaki wawili, na mwisho wa wiki wawili wanatosha kwa miezi yote minne niliyoiona. Hakuna mwingine aliyesogea.

Tarehe 14 ni Jumamosi. Nimefuta N ya J nikaweka AL. Mbadala: D hapana, ni Jumamosi. K hapana. I sijui. Usiku huo walikuwa H na J, amebaki H, kwa hiyo F naye nimemwacha. B ana DO zake mbili. Nikabakiwa na C, ambaye alikuwa DO. Tarehe 15 alikuwa M, lazima iwe SO, na M ya Jumapili hiyo walikuwa watatu, wamebaki wawili.

Seli nne: G tarehe 1, J tarehe 14, C tarehe 14 na 15. Nimezizungushia mstari mwekundu kwenye nakala, la asili sijaligusa. Nimempigia C. Amekubali akirudishiwa Jumamosi ya tarehe 28, ambayo ana E. Hiyo ya 28 bado sijaipatia mtu.

#45 Ngoma ya Vyuma
Siku nzima kwa seli nne.

#46 Nahodha wa Wodi
Seli nne ambazo unaweza kuzieleza moja moja. Mtumie metroni na maswali yako pembeni: E-M za B ziko kwa maandishi? D na Jumamosi? F na H? I anahesabiwa? Na manjano ni nini?

#47 Shangazi Kifungu
Usiandike maswali hayo kwenye grupu la wodi. Kwake peke yake.

#48 Mtunza Mafaili
Asubuhi njema. Metroni kajibu saa 12 kasoro: "Ahsante. Nilikuwa nataka ya G tu." Kisha: "Kuhusu B njoo ofisini." Ya F na H hajagusia. Ya D kaandika "mwulize mwenyewe", na I "anahesabiwa kuanzia Julai".

#49 Popo wa Usiku
Na manjano?

#50 Mtunza Mafaili
Anasema alidhani nimeweka mimi.

#51 Mkaa Bandarini
Mke na mume, F na H. Nasimama hapo.

#52 Kisiwani Kwetu
Jamani na mimi hii yangu ya asubuhi na jioni hamjanijibu.

#53 Shangazi Kifungu
Fungua uzi wako, mwanangu. Na uweke rosta ya mwezi uliopita pia.